Usiuze pakeji, muulize mteja hela ya jikoni ni shilingi ngapi

Wauzaji wenzangu wa vyakula mtandaoni, leo nina neno na najua wengine halitawafurahisha. Hizi pakeji za mwezi tunazozipiga picha na kuzipandisha status, "pakeji ya laki, mchele kilo 10, sukari kilo 3, tambi mbili, mafuta lita 3, sosi ya nyanya", mimi naona zinatuharibia wateja.

Angalia ile pakeji imepangwa na nani. Imepangwa na stoo yako. Tambi zimekaa mle kwa sababu ulichukua katoni nzima na haziendi. Sosi imekaa mle kwa sababu inapendeza kwenye picha. Mteja anakuja kwa sababu bei ni namba ya mviringo, anabeba, na ikifika tarehe 18 sukari imeisha, unga umeisha, tambi mbili zipo kabatini hazijaguswa. Hapo ndo anakutumia meseji, "naomba unipe sukari kilo mbili nitakulipa mwisho wa mwezi". Ukimpa, mtaji wako umegeuka deni. Ukimnyima, mwezi ujao ananunua kwa mwingine. Kwa vyovyote umepoteza, na mwanzo wake ni ile pakeji.

Sisemi pakeji hazina kazi. Mfungo wa Ramadhani, zawadi ya kupeleka ukweni, mtu wa nje ya nchi anayemtumia mama yake vitu, hapo pakeji inafaa. Lakini kwa familia inayokula kila siku, njia ninayoitetea ni kumtengenezea orodha inayoanzia kwenye hela yake ya mwezi, na kuipanga kwa sehemu za soko jinsi unavyozipita. Nitaeleza kwa mteja mmoja ili isibaki maneno matupu.

Ni dada mmoja wa Tabata, nyumba ya watu watano, wazazi na watoto watatu. Siku za kazi mchana hawapo nyumbani, watoto wanakula shule. Alikuwa ananitumia orodha kama tunavyotumiwa wote: sukari, nyanya, mchele, sabuni ya unga, dagaa, mafuta, "na hoho kidogo", halafu baada ya dakika kumi "nimesahau chumvi". Orodha ya jinsi alivyokumbuka. Haina kilo wala hela, na ukiifuata sokoni unapita kwa muuza mchele mara mbili.

Swali la kwanza nililomuuliza ni hela. Na hapa kuna watu wanasema mteja hawezi kukwambia kipato chake. Kweli, na wala usimuulize, hiyo si habari yako. Uliza hivi: "Dada, hela ya jikoni kwa mwezi unatenga shilingi ngapi?" Hilo mtu analijibu bila kusita kwa sababu ndo swali analojiuliza mwenyewe kila mwisho wa mwezi. Akajibu 320,000.

Sasa usiikimbilie hiyo laki tatu na ishirini ukadhani yote ni ya mzigo. Kwanza kuna vitu haviingii kwenye orodha ila vinakula hela hiyo hiyo. Gesi yake ya mtungi mdogo nikaweka 25,000. Mgeni akija, au mtoto akiumwa akataka kitu tofauti, 15,000. Mboga, matunda, nyama na samaki havinunuliwi mara moja kwa mwezi, kwa hiyo tukatenga 30,000 kila wiki, yaani 120,000 kwa wiki nne. Halafu hela yangu mimi, bodaboda na kazi ya kumnunulia, 10,000. Wengi wetu hii tunaificha ndani ya bei ya mchele. Mimi naiandika wazi na iwe ndani ya bajeti yake, kwa sababu ikiwa nje lazima ataitoa kwenye hela ya nyama. Jumla ya hivyo ni 170,000. Imebaki 150,000, na hiyo ndo hela ya mzigo wa mwezi. Namba hii ndo mwenye nyumba wa orodha nzima.

Baada ya hela ndo unakwenda kwenye kilo, na hapa pia usimuulize "unataka mchele kilo ngapi". Atakutajia kilo alizozoea kusikia, 10 au 20. Uliza chungu. "Wali mnapika mara ngapi kwa wiki, na ukipika unapima kiasi gani?" Akasema wali mara nne, kila ukipikwa ni robo tatu kilo. Ugali mara tano ukihesabu na mchana wa Jumamosi na Jumapili, unga gramu 800 hivi kila mara. Maharage mara mbili, nusu nusu kilo. Mwezi usiuhesabu wiki nne, una siku 30, kwa hiyo ni wiki nne na siku mbili. Zile siku mbili ndo zinazomfanya mtu akope unga tarehe 29. Kwa hesabu hiyo wali wake ni kilo 3 kwa wiki, mwezi unataka kilo 13. Unga wa sembe kilo 17. Maharage kilo nne na nusu.

Nikaweka bei nilizokuwa nimeziandika wiki hiyo, za kwako zitakuwa nyingine, na nikazigawa kwa sehemu. Nafaka (mchele, sembe, maharage, unga wa lishe wa uji wa watoto) ikatoka 81,400. Vitu vikavu, yaani dagaa kilo moja, karanga na viungo, 13,000. Duka la jumla, yaani mafuta lita 5, sukari kilo 5, ngano kilo 4, chumvi na majani ya chai, 51,200. Sabuni na dawa ya meno 11,000. Jumla 156,600. Imezidi kwa 6,600.

Mtu wa pakeji hapa angepunguza sukari kimyakimya. Usifanye hivyo, mrudishie mwenye jikoni aamue. Nilimwambia tunaweza kushuka daraja la mchele, kutoka wa 2,800 kwenda wa 2,400. Akanijibu, "Mdogo wangu, mchele usiuguse, nitasikia maneno humu ndani mwezi mzima." Sawa. Basi siku moja ya wali tukaigeuza ugali. Mchele ukashuka kilo 10, sembe ikapanda kilo 20 na nusu, tukaokoa 3,150. Karanga za 2,000 akazitoa. Dagaa tukapunguza robo kilo, 2,250. Orodha ikakaa kwenye 149,200 na hakuna aliyedanganywa.

Sasa tuje kwenye kupanga kwa sehemu, maana hapa ndo watu wanadhani ni urembo tu. Orodha niliyokwenda nayo ilikuwa hivi, naiandika kwenye WhatsApp kwa namba yangu mwenyewe:

```
*NAFAKA 78,250*
mchele kg 10 - 28,000
sembe kg 20.5 - 30,750
maharage kg 4.5 - 13,500
unga lishe kg 2 - 6,000
*VIKAVU 8,750*
dagaa kg 0.75 - 6,750
viungo - 2,000
*DUKA LA JUMLA 51,200*
*SABUNI 11,000*
```

Vitu vya duka na sabuni nimevikunja hapo ili nisirefushe, kwenye simu vimeandikwa vyote. Zile nyota ukiziweka mwanzo na mwisho wa neno, WhatsApp inalikoza, kwa hiyo vichwa vya sehemu vinaonekana hata kwenye jua la saa sita.

Ile namba pembeni ya kila kichwa ndo kikomo cha sehemu, na kwangu ndo sababu kubwa ya kupanga hivi. Tuseme nimefika kwenye nafaka, mchele umepanda 200 kwa kilo. Kilo 10 ni 2,000 zaidi. Kabla sijatoka mbele ya muuza mchele najua nafaka imevuka kikomo, nampigia dada, na bado tuna njia: apunguze kilo, nitembee meza tatu mbele niulize, au akubali na tuitoe kwenye ile 800 iliyobaki na kitu kingine. Ukiwa na orodha ya kuchanganya, unakuja kugundua hela haitoshi ukiwa umefika mwisho, mkononi una mzigo wote na kilichobaki ni chumvi na sabuni. Huwezi kuokoa 2,000 kwenye chumvi. Utaitoa mfukoni mwako au utamletea mteja mzigo pungufu na maelezo marefu.

Mpangilio wenyewe unafuata miguu na mzigo. Nafaka ni ya kwanza kwa sababu ni nzito na ndo inayobeba zaidi ya nusu ya hela. Ukishalipa, mwombe muuzaji akuwekee, utapitia na boda wakati wa kutoka. Vikavu vinafuata, dagaa wafungwe peke yao kwa sababu harufu yao inapita hata kwenye mfuko wa karatasi wa unga. Duka la jumla halafu sabuni mwisho kabisa, mfuko wake mwenyewe, usithubutu kuitumbukiza kwenye kiroba cha mchele. Wali unaonukia sabuni mteja haukusamehe, na ukimwambia ni jua la njiani hakuelewi.

Kwa mteja anayenunua supamaketi mpangilio unageuka kidogo, ila kanuni ni ile ile. Rafu za unga na mchele, rafu za mafuta na sukari, rafu za sabuni, halafu vitu vya friji mwishoni ukielekea kulipia. Nenda mara moja uchore safu zao kwenye karatasi, orodha ya mteja uifuatishe. Faida utaiona kwenye vitu ambavyo hukununua, kwa sababu hukupita pale bila shughuli.

Pale kwenye nafaka kuna jambo la vipimo ambalo linabomoa orodha nyingi. Bajeti umeiandika kwa kilo, mwenye meza anauza kwa sado. Sado ni lile kopo la rangi la lita 4, na maharage yakijaa flati nimepima yanakaribia kilo tatu na robo, sio nne kama wengi wanavyosema. Akikwambia sado 10,000 na jirani yake anapima kwa mzani kilo 3,000, wa mzani ana nafuu kidogo, ingawa wa sado anaonekana mkarimu kwa kile kilima cha juu. Na kopo lenyewe likiwa limebonyezwa kitako, basi tena. Mzani mdogo wa kuning'iniza unauzwa bei ya kawaida, utembee nao. Dalili ya kuwa umepunjwa utaiona kwa mteja: unga uliopigiwa hesabu ya siku 30 unaisha siku ya 26 na nyumbani hakukuja mgeni.

Vitu vibichi mimi naviandika tofauti na vikavu, na hili sijaona wengi wakilifanya. Vikavu naandika kilo, kwa sababu bei yake haiyumbi sana ndani ya wiki. Vibichi naandika hela. "Nyanya za 4,000", sio "nyanya kilo 2". Nyanya mvua zikipiga vibaya inapanda mara mbili ndani ya siku chache, na ukiwa umeandika kilo utanunua kilo, hela ya nyama imekwisha. Ukiandika hela, unarudi na nyanya chache ila 30,000 ya wiki imebaki 30,000, na wiki hiyo mchuzi utawekwa nazi au karanga. Yule dada wiki yake inakwenda hivi: viazi, vitunguu na karoti 6,000, nyanya na hoho 5,000, mboga za majani na nazi 5,000, matunda 4,000, nyama au samaki 10,000. Na mpangilio ni huo huo ninavyopita. Vigumu kwanza vikae chini ya kikapu, nyanya juu yake, majani na ndizi mbivu juu kabisa, bucha mwisho ili nyama isizunguke na mimi kwenye joto la Dar saa nzima.

Kama unapeleka oda nyingi kwa siku moja, usinunue nyumba kwa nyumba. Chukua orodha tano, zikate kwa sehemu, jumlisha mchele wote, dagaa wote. Ukimfikia muuza mchele ukiwa na kilo 55 badala ya 10, maongezi yanabadilika. Sembe ya kilo mia unaifuata mashineni kwenyewe. Wenye nguvu zaidi wanafuata nafaka Tandale na ndizi Mabibo, lakini piga hesabu ya usafiri kwanza, kwa oda tatu haikulipi. Punguzo utakalopata ni faida yako halali, kwa sababu mteja bado analipa bei mliyokubaliana na hela ya kazi uliyoiandika wazi. Ila ukija kugombana na mteja kuhusu bei, uwe na karatasi yenye bei ya rejareja ya siku ile, vinginevyo utaonekana mwizi.

Njia hii ina mahali haifiki. Mteja anayelipwa kwa siku, fundi, mama lishe, dereva wa boda, hana 150,000 ya tarehe mosi. Ukimlazimisha orodha ya mwezi atakuja kukopa ili aijaze. Kwake fanya ya wiki, au siku tatu, sehemu zile zile na vikomo vile vile. Atalipa ghali kidogo, maana mafuta ya kupima ukijumlisha mpaka lita 5 yanazidi bei ya dumu, huo ndo ukweli wa kununua kidogo kidogo. Kwa watu hawa mimi ninachofanya ni kuwatafutia kitu kimoja tu cha kununua kwa wingi, mara nyingi mafuta, na kukitengea 1,000 kila siku hadi dumu lifike. Vingine waendelee navyo kwa siku.

Na tafadhali, orodha ya mtu usiipige picha ukaiweka status kuonyesha una wateja. Ile karatasi inasema nyumba hiyo inakula nini na ina hela kiasi gani. Mteja akiiona, hata ukiwa umefuta jina, hatakutajia tena hela ya jikoni.

Orodha ya mwezi wa pili usiinakili tu ile ya kwanza. Tarehe 27 mtumie meseji, "Dada, kimebaki nini?" Yule wa Tabata alinijibu mchele kilo moja na nusu, sukari hamna tangu tarehe 22, chumvi pakiti nzima. Kumbe watoto wakirudi shule wanakunywa chai ya pili, na hiyo hatukuiweka. Mchele tukauandika kilo 8 na nusu, ikaokoka 4,200. Chumvi tukaitoa kabisa, 1,000. Sukari ikapanda kilo 6 na nusu, ambayo ni 4,200 ile ile. Duka la jumla likapata kikomo kipya, na ile elfu ya chumvi akasema ikae kwenye karanga, nusu ya zile alizozitoa mwezi wa kwanza.